Kiwimbi Kilichotengana na Irabu Yake: Usawazishaji wa Yunikodi katika Matini Mseto za Thika na Ruiru

Utangulizi

Mtu anayepita katika soko la Madaraka mjini Thika, au anayesubiri matatu mjini Ruiru, ni nadra kusikia lugha moja peke yake. Muuzaji huianza sentensi kwa Kiswahili, akaimalizia kwa Kikuyu, kisha bei akaitaja kwa Kiingereza. Thika yenyewe iko karibu na Murang'a na Machakos, kwa hiyo Kikamba nacho hakiko mbali. Kwa mwanafunzi wa isimujamii, mazungumzo ya namna hii ni data teule ya kuchunguza uchanganyaji ndimi. Huyanakili, huyaingiza katika kompyuta, kisha hutafuta neno fulani ili alihesabu au alibadilishe kwa kulitia alama inayoonyesha ni la lugha gani.

Makala haya yanahusu hatua hiyo ya mwisho. Yanaeleza ni kwa nini neno linaloonekana waziwazi kwenye skrini huweza kutopatikana linapotafutwa, na ni kwa jinsi gani neno jingine ambalo halikukusudiwa huweza kubadilishwa badala yake. Jambo hili linaonekana kuwa la mafundi wa kompyuta, lakini athari yake inaifikia sura ya matokeo ya tasnifu. Kama itakavyoonekana hapa chini, mtafiti anaweza kudai kwamba wakazi wa miji miwili wanazungumza kwa namna tofauti, ilhali kinachotofautiana ni kibodi zilizotumika kuandika data yao.

Irabu saba na namna mbili za kuziandika

Kiswahili kina irabu tano, nazo zote huandikwa kwa herufi za kawaida. Kikuyu kina irabu saba: a, e, i, ĩ, o, u, ũ. Irabu mbili za ziada hutofautishwa kwa kuwekewa kiwimbi juu, na kiwimbi hicho si pambo. Ĩ na i ni fonimu mbili, sawa na jinsi e na i zilivyo fonimu mbili katika Kiswahili. Kikamba nacho huandikwa kwa ĩ na ũ. Kwa hiyo katika matini mseto za Thika na Ruiru kuna jozi ambazo mwanaisimu hawezi kuzipuuza, na jozi iliyo muhimu kuliko zote ni ile ya ni na nĩ. La kwanza ni kitenzi kishirikishi cha Kiswahili. La pili ni neno la Kikuyu linalofanya kazi inayokaribiana nayo, kama katika sentensi Mũndũ ũyũ nĩ mũrĩmi, yaani mtu huyu ni mkulima. Maneno haya mawili yanatofautiana kwa kiwimbi kimoja tu, na kiwimbi hicho ndicho kinachomwonyesha mchunguzi mahali ambapo msemaji amevuka kutoka lugha moja hadi nyingine.

Yunikodi ni utaratibu wa kuipa kila herufi ya maandishi ya ulimwengu nambari yake. Ndani ya kompyuta hakuna herufi, kuna nambari tu, na programu inapotafuta neno hulinganisha nambari na nambari. Sasa, irabu ĩ ina namna mbili halali za kuandikwa katika Yunikodi. Ya kwanza ni nambari moja, U+0129, inayosimamia i pamoja na kiwimbi chake kama kitu kimoja. Makala haya yataiita umbo la mshikamano. Ya pili ni nambari mbili zinazofuatana, yaani U+0069 ambayo ni i ya kawaida, kisha U+0303 ambayo ni kiwimbi peke yake, alama inayojibandika juu ya herufi iliyotangulia. Hili litaitwa umbo la mtengano. Ũ nayo ni hivyo hivyo: U+0169 katika umbo la mshikamano, au U+0075 ikifuatwa na U+0303 katika umbo la mtengano.

Kwa jicho la msomaji, maumbo haya mawili ni kitu kimoja. Fonti nzuri huyachora sawa kabisa, na karatasi ikitoka katika printa hakuna awezaye kuyatofautisha. Yunikodi yenyewe inayatambua kuwa sawa kimaana. Lakini programu inayotafuta haioni maana, inaona mfuatano wa nambari. Neno mũndũ katika umbo la mshikamano lina nambari 5, na likihifadhiwa kwa UTF-8 huchukua baiti 7. Katika umbo la mtengano neno hilo hilo lina nambari 7 na baiti 9. Mwenye kutafuta la kwanza ndani ya faili lenye la pili atajibiwa kwamba halipo, na kwa mujibu wa hesabu ya kompyuta jibu hilo ni sahihi.

Njia nyepesi ya kujua faili limeandikwa kwa umbo gani ni kulinakili neno moja linalotiliwa shaka na kuliuliza lijitaje. Katika lugha ya programu ya Python, mistari mitatu inatosha:

```python
import unicodedata as u
for c in "nĩ":
    print(hex(ord(c)), u.name(c))
```

Neno likiwa la umbo la mshikamano, jibu lina mistari miwili:

```
0x6e LATIN SMALL LETTER N
0x129 LATIN SMALL LETTER I WITH TILDE
```

Likiwa la umbo la mtengano, jibu lina mistari mitatu, na wa mwisho ni kiwimbi kikiwa peke yake:

```
0x6e LATIN SMALL LETTER N
0x69 LATIN SMALL LETTER I
0x303 COMBINING TILDE
```

Msomaji anaweza kuuliza umbo la mtengano linaingiaje katika faili la mwanafunzi ambaye hajawahi kusikia habari zake. Njia ni nyingi. Baadhi ya kibodi za lugha za Kiafrika huandika irabu kwanza kisha kiwimbi, na huviacha viwili hivyo bila kuviunganisha. Mpangilio wa asili wa kibodi ya Kivietinamu katika Windows hufanya vivyo hivyo, na huo huwavutia watu wa Kikuyu kwa sababu Kivietinamu nacho kina ĩ na ũ, ingawa huko kiwimbi ni alama ya toni. Maandishi yanayonakiliwa kutoka faili la PDF mara nyingi hutoka yakiwa yametengana, kwa kuwa fonti iliyotumika ilichora irabu na alama yake mbalimbali. Hivyo yatosha kazi kugawanywa kati ya watu wawili wenye tarakilishi mbili ili maumbo yote mawili yakutane katika faili moja.

Mfano: tofauti ya miji au tofauti ya kibodi?

Chukua sentensi nne zifuatazo, ambazo zimetungwa kwa ajili ya makala haya kwa kufuata usemi wa sokoni. Mbili za kwanza zichukuliwe kuwa za Thika, na zimeandikwa kwa umbo la mshikamano. Mbili za mwisho ziwe za Ruiru, nazo zimeandikwa na msaidizi mwingine kwa kibodi inayotoa umbo la mtengano. Mtafiti anataka kujua kila mji umetumia ni ya Kiswahili mara ngapi na nĩ ya Kikuyu mara ngapi.

```python
import re, unicodedata as u

thika = u.normalize("NFC",
"""Hii ni mboga ya leo, nĩ njega mũno.
Mũndũ ũyũ nĩ mũrĩmi, anatoka Mũrang'a.""")

ruiru = u.normalize("NFD",
"""Huyo ni mũndũ wa hapa, nĩ mũrĩmi.
Bei ni nzuri, nĩ wega mũno.""")

for t in (thika, ruiru):
    print(len(re.findall(r"\bni\b", t)),
          len(re.findall(r"\bn\u0129\b", t)))
```

Jina NFC ni la umbo la mshikamano, na NFD ni la umbo la mtengano. Alama \b inamaanisha mpaka wa neno, ili ni ya ndani ya nini au nipe isihesabiwe. Kwa kuhesabu kwa macho, Thika ina ni 1 na nĩ 2. Ruiru ina ni 2 na nĩ 2. Kompyuta nayo inajibu hivi:

```
1 2
4 0
```

Thika imehesabiwa sawasawa. Ruiru imepewa ni 4 za Kiswahili na haikupewa hata nĩ moja ya Kikuyu. Kwa data hii ndogo kosa linaonekana upesi, lakini katika faili la kurasa mia mbili hakuna atakayehesabu kwa macho. Tena kosa lenyewe limejificha vizuri, kwa maana jumla ya maneno ya Ruiru ni 4 kabla ya kosa na ni 4 baada yake. Hakuna neno lililopotea; yaliyopotea ni makazi ya maneno mawili, yaliyohamishwa kutoka Kikuyu kwenda Kiswahili. Mtafiti akijumlisha ili ajihakikishie, hesabu itamkubalia. Kisha ataandika kwamba wasemaji wa Ruiru, kwa kuwa karibu zaidi na Nairobi, wameelekea Kiswahili kuliko wenzao wa Thika. Dai hilo linasikika kuwa la busara, na ubusara wake ndio unaolifanya lisitiliwe shaka na msimamizi.

Kuna makosa mawili yaliyoungana hapa, na inafaa kila moja liangaliwe peke yake. La kwanza ni lile la kutopata. Nĩ iliyotafutwa ina nambari 2, iliyomo katika faili ina 3, kwa hiyo hazilingani. Hili linajulikana kwa wengi. La pili ni la kupata kisichotakiwa, na ndilo la hatari zaidi. Katika umbo la mtengano, nĩ inaanza na n na i za kawaida, kisha kinafuata kiwimbi. Programu ya utafutaji ya Python haikihesabu kiwimbi kilichojitenga kuwa sehemu ya neno, kwa sababu si herufi wala si tarakimu. Kwa hiyo, machoni pake, neno limekwisha pale i inapokwisha, na ni ya Kiswahili imepatikana mahali ambapo hakuna Kiswahili.

Sababu hiyo hiyo inaeleza jambo jingine linalowashangaza wengi. Mtu hufikiri kwamba akilibadilisha neno analolitafuta nalo liwe la mtengano, kama faili lilivyo, tatizo litakwisha. Halikwishi. Mpangilio wenye n, i, kiwimbi, kisha \b hautapata kitu katika sentensi nĩ njega, kwa sababu baada ya kiwimbi kuna nafasi tupu, na kati ya kiwimbi kisicho sehemu ya neno na nafasi isiyo sehemu ya neno hapana mpaka wowote wa neno. Faili na swali vinalingana, na bado jibu ni sifuri.

Athari zinaenea hadi kwenye orodha za msamiati. Mwanafunzi akiomba apewe maneno yote ya faili kwa kutumia \w+, mũno ya umbo la mtengano hupasuka vipande viwili, mu na no. Bahati mbaya no ni neno la Kikuyu lenye maana ya lakini, na pia ni neno la Kiingereza. Orodha itakuwa na no nyingi ambazo hakuna aliyezitamka sokoni. Mũndũ nayo itatoa mu na ndu, na mtu asiyejua chanzo chake anaweza kuziandikia tanbihi ya kimofolojia.

Kubadilisha ndiko kunakoharibu

Kuhesabu vibaya kunaweza kurudiwa, kwa sababu faili limebaki kama lilivyokuwa. Kubadilisha ni jambo jingine. Tuseme mtafiti anataka kila ni ya Kiswahili itiwe alama SWA, nayo programu ielekezwe kulihifadhi faili upya:

```python
t = re.sub(r"\bni\b", "ni_SWA", ruiru)
```

Katika sentensi ya mwisho ya Ruiru, ni ya Bei ni nzuri inageuka ni_SWA kama ilivyokusudiwa. Lakini nĩ ya nĩ wega inabadilishwa pia. Herufi n na i zinaondolewa, ni_SWA inawekwa, na kiwimbi kilichokuwa juu ya i kinabaki pale pale kilipokuwa katika mfuatano. Kwa kuwa tabia yake ni kujibandika juu ya herufi yoyote iliyotangulia, sasa kinapanda juu ya A. Kwenye skrini huonekana ni_SWÃ. Mwandishi aliyeona jambo hili kwa mara ya kwanza huilaumu fonti, akaibadilisha, na kiwimbi kikaendelea kukaa juu ya A.

Hapa mpangilio wa hatua ni jambo la kufa na kupona. Mtu akigundua tatizo baada ya kubadilisha, akalisawazisha faili wakati huo kwa NFC, A na kiwimbi chake vitaunganishwa kuwa nambari moja, U+00C3, ambayo ni herufi halali ya Kireno. Kosa linakuwa limefungwa ndani ya herufi mpya. Bado linaweza kutafutwa, kwa maana ni_SWÃ haiwezi kuwa na asili nyingine katika faili hilo isipokuwa nĩ, na inaweza kurudishwa kwa agizo moja. Lakini pale ambapo mabadiliko yalifanywa kwa maneno mengi tofauti, kila moja lina kovu lake, na kazi ya kuyatafuta makovu ni ndefu kuliko ile ya kuanza upya na nakala ya awali. Ndiyo sababu nakala ya awali haiguswi: usawazishaji na ubadilishaji hufanywa juu ya nakala yake, na matokeo huhifadhiwa kwa jina jingine.

Utaratibu unaofaa ni kusoma faili, kulisawazisha kwa NFC papo hapo, na ndipo kutafuta au kubadilisha. Kinachosahaulika ni kwamba usawazishaji lazima ufanywe pande zote. Orodha ya maneno ya kutafutwa ni matini pia, na huenda iliandikwa na mtu mwingine kwa kibodi nyingine. Hata neno lililoandikwa ndani ya programu yenyewe, kati ya alama za mtajo, halisawazishwi na Python kwa hiari yake. Linabaki katika umbo ambalo mhariri wa programu alilihifadhi. Kwa hiyo:

```python
def nfc(s):
    return u.normalize("NFC", s)

t = nfc(open("ruiru.txt", encoding="utf-8").read())
neno = nfc("nĩ")
print(t.count("\u0303"))
print(len(re.findall(r"\b" + neno + r"\b", t)))
```

Mstari wa kuhesabu U+0303 baada ya kusawazisha ndio ukaguzi. Kwa Kikuyu cha maandishi ya kawaida unatakiwa kutoa 0, kwa sababu ĩ na ũ, ndogo na kubwa, zote zina nambari za mshikamano. Ukitoa zaidi ya 0, kuna kiwimbi kilichokaa juu ya kitu kisichostahili, kwa mfano juu ya nafasi tupu au juu ya herufi iliyokosewa, na mahali hapo pasomwe kwa macho. Hesabu hiyo hiyo ikifanywa kabla ya kusawazisha humwonyesha mtafiti ni faili zipi kati ya zake zilizoandikwa kwa umbo la mtengano. Katika mfano wa hapo juu, kabla ya kusawazisha, Thika ingetoa 0, na Ruiru ingetoa idadi sawa na ya irabu zenye viwimbi zilizomo, na tofauti hiyo pekee ingekuwa onyo la kutosha.

Kwa nini viwimbi visifutwe tu

Wapo wanaopendekeza njia ya mkato: faili zima livuliwe alama, mũndũ iwe mundu, na utafutaji ufanywe bila wasiwasi. Kwa mtu anayetafuta jina katika orodha ndefu, njia hiyo inafaa. Kwa mchunguzi wa uchanganyaji ndimi ni kujikata mkono, maana ni na nĩ zitakuwa neno moja na swali lililokuwa likiulizwa litakuwa limefutwa pamoja na viwimbi. Wala si Kikuyu pekee kinachopoteza. Jina la mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o lina viwimbi viwili, na alichapisha Caitaani Mũtharaba-inĩ mwaka 1980 kwa viwimbi hivyo hivyo. Mhariri anayelivua jina hilo katika marejeleo ameliendeleza vibaya, hata kama wengi wamezoea.

Mahali ambapo usawazishaji haufiki

Usawazishaji unaunganisha yale ambayo Yunikodi inayatambua kuwa kitu kimoja. Hauunganishi yale ambayo watu wameyatumia kama kitu kimoja. Mfano mkubwa ni kofia. Seti ya herufi iliyotawala kompyuta za Magharibi kabla ya Yunikodi kuenea ilikuwa na î na û, ambazo Kifaransa kinazihitaji, lakini haikuwa na ĩ wala ũ. Waandishi wengi wa Kikuyu waliazima kofia badala ya kiwimbi, wakaandika Gîkûyû na mûndû, na matini za namna hiyo zingalipo kwa wingi. Kwa Yunikodi, û ni U+00FB, na ikitenganishwa hutoa u na U+0302, ambayo ni kofia. Hakuna umbo la usawazishaji litakaloigeuza kofia kuwa kiwimbi.

Mtafiti hulazimika kuandika kanuni yake mwenyewe ya kubadilisha î kuwa ĩ na û kuwa ũ, na hapo ni lazima ajue lugha zilizomo. Matini za Kimeru hupatikana zikitumia kofia, na si kazi ya programu kuzisahihisha. Faili lenye Kiswahili cha Bukavu huweza kuwa na Kifaransa ndani yake, na kanuni hiyo itaigeuza août kuwa neno lisilo la lugha yoyote. Iliyo salama ni kuibana kanuni ifanye kazi katika sehemu zilizokwisha kutambulishwa kuwa za Kikuyu tu.

Mfano wa pili unawahusu wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja, nao ni ritifaa. Neno Mũrang'a katika sentensi ya Thika lina vikwazo viwili, kiwimbi na ritifaa, na usawazishaji unaondoa kimoja tu. Ritifaa ya kibodi ni U+0027. Programu za kuandikia huigeuza yenyewe kuwa alama ya mkunjo, U+2019. Wanaisimu wengine hutumia U+02BC, ambayo Yunikodi inaihesabu kuwa herufi. Hizi ni nambari tatu tofauti, na NFC inaziacha zote kama ilivyozikuta. Mwenye kutafuta ng'ombe kwa ya kwanza hataipata iliyoandikwa kwa ya pili. Zaidi ya hayo, \w+ huipasua ng'ombe kuwa ng na ombe ikiwa ritifaa ni mojawapo ya mbili za mwanzo, na huiacha nzima ikiwa ni ya tatu. Kwa hiyo wapo wanaozigeuza ritifaa zote zilizo baada ya ng kuwa U+02BC kabla ya kuhesabu:

```python
t = re.sub("(ng)['\u2019](?=[aeiou\u0129\u0169])",
           "\\1\u02bc", t, flags=re.I)
```

Sharti la irabu kufuata limewekwa ili alama ya kufunga nukuu isiguswe pale ambapo neno la Kiingereza limeishia kwa ng.

Ipo pia aina ya usawazishaji iitwayo NFKC, ambayo baadhi ya miongozo huipendekeza kwa kuwa ina nguvu zaidi. Nguvu yake ndiyo dosari yake. Huondoa tofauti za umbo zilizo na maana katika kazi ya kitaaluma: nambari ya tanbihi iliyoandikwa juu, kama katika mũndũ², hushushwa ikawa mũndũ2, na tangu hapo haijulikani tena kama 2 hiyo ilikuwa ya tanbihi au ya maandishi yenyewe. Kwa matini za utafiti, NFC inatosha.

Jambo la mwisho linawahusu wale wanaoweka alama za toni, kwa kuwa Kikuyu ni lugha ya toni na nukuu za kifonolojia huziandika. Toni ya juu ikiwekwa juu ya ũ, Yunikodi ina nambari moja kwa mkusanyiko huo wote, U+1E79. Ikiwekwa juu ya ĩ, hakuna nambari kama hiyo, na hata baada ya NFC hubaki nambari mbili: U+0129 ikifuatwa na U+0301. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Katika matini iliyotiwa toni na kusawazishwa vizuri, anayetafuta ũ hataiona ile yenye toni, kwa sababu imekuwa herufi nyingine. Anayetafuta ĩ ataiona, lakini toni itabaki nje ya mpaka wa neno, na akiibadilisha itarukia herufi ya mwisho ya neno jipya, kama kiwimbi kilivyorukia A. Tena, aliyeandika toni kwanza na kiwimbi baadaye amepata mfuatano ambao NFC haiulinganishi na ule wa kiwimbi kwanza, ingawa machoni ni karibu sawa. Kwa nukuu za namna hii, ni afadhali kutumia NFD kwa makusudi, kuziondoa U+0300 na U+0301 katika nakala ya kutafutia, kisha kurudi NFC. Kiwimbi, chenye nambari U+0303, hakiguswi na uondoaji huo:

```python
d = u.normalize("NFD", t)
d = re.sub("[\u0300\u0301]", "", d)
tafuta = u.normalize("NFC", d)
```

Nakala iitwayo tafuta hutumika kupata mahali neno lilipo kwa kuhesabu mistari, si herufi, kwa maana idadi ya herufi imepungua na nafasi hazilingani tena na za nukuu asilia. Uwekaji alama wenyewe hufanywa katika nukuu asilia, mstari kwa mstari, toni zikiwa mahali pake.